Ukoko wa Utosini, Ukavu wa Mashavuni

Mtoto alikuwa na wiki 14, na mama yake alikuwa amekuja kliniki kwa ajili ya chanjo tu. Ilikuwa Februari, Tanga, kaskazi imekaza, na akina mama waliopanga foleni kwenye benchi la nje walikuwa wakijipepea kwa kadi za kliniki. Huyu mmoja alikuwa na mwanawe begani, kamvalisha kofia ya sufu iliyofungwa kamba chini ya kidevu. Nilipokuwa nikipita na trei ya chanjo, kilichonisimamisha hakikuwa ile kofia. Mtoto alikuwa akigeuza uso, anaubandika kwenye bega la mama, anausugua kushoto kulia, kisha anatulia kidogo na kuanza tena. Mahali pale kanga ya mama ilikuwa imelowa, doa dogo la duara lenye rangi ya chai ya rangi.

Nikamwambia, "Mama, hebu tumvue kofia apumue."

"Nimemfunika kwa sababu ya watu, nesi," akajibu kwa sauti ya chini. "Kichwa chake kimeharibika."

Kofia ilipotoka tuliona ukoko wa njano uliotanda kuanzia utosini hadi kwenye paji la uso, mzito, wenye mafuta, kama uji uliokaukia kwenye ukingo wa sufuria. Nyusi zilikuwa zimepakwa wanja ili kuficha magamba yaliyokuwa chini yake. Nyuma ya masikio kulikuwa na mifereji miwili ya unyevu. Kwenye mikunjo ya shingo ngozi ilikuwa imepauka, inang'aa, na imelowa jasho. Mashavuni palikuwa na jambo lingine kabisa. Ngozi pale ilikuwa kavu, imefifia, nyeusi kuliko ngozi ya jirani yake, na nilipopitisha mgongo wa vidole juu yake ilikwaruza kama ulimi wa paka. Katikati ya shavu la kushoto kulikuwa na vitundu vidogo vinavyotoa majimaji, na hapo ndipo lilipotoka doa la kwenye kanga.

Bibi wa mtoto, aliyeketi pembeni, alikuwa na maelezo yake. "Ni uchafu wa tumboni huo, mwanangu. Wote mlizaliwa nao." Mama aliamini sababu ni pweza aliyemla siku ya arobaini. Tangu hapo alikuwa ameacha pweza, samaki, mayai na maziwa, na sasa alikuwa akinyonyesha kwa ugali na mchicha.

Yalikuwa magonjwa mawili kwenye kichwa kimoja. Wazazi wengi hukwama hapa, na wakati mwingine hata sisi wahudumu hukwama, kwa sababu miezi mitatu ndiyo umri ambao magonjwa hayo hukutana. La kwanza huwa limefika kileleni na la pili ndio linaingia.

Ukoko unatoka wapi

Ukoko wa utosini, ambao wengine huuita mba wa mtoto mchanga, huanza mara nyingi kati ya wiki ya pili na mwezi wa tatu. Mtoto akiwa tumboni hupokea homoni za mama kupitia kondo la nyuma, na homoni hizo huziamsha tezi za mafuta za ngozi yake. Baada ya kuzaliwa tezi huendelea kufanya kazi kwa muda. Mafuta yanakuwa mengi, chembe za ngozi zilizokufa badala ya kupukutika zinagandana nayo, na ukoko unajengeka tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana hupenda sehemu zenye tezi nyingi au zenye joto na unyevu, yaani utosi, nyusi, pembe za pua, nyuma ya masikio, mikunjo ya shingo, makwapa, na mara nyingine eneo la nepi.

Kuna mshiriki mwingine, aina ya hamira iitwayo malasezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu. Hamira hii haiwezi kujitengenezea mafuta inayoyahitaji, kwa hiyo hula ya kwetu. Penye mafuta mengi huongezeka, na mabaki ya mlo wake huiudhi ngozi. Mtoto hakuambukizwa na mtu, wala hatamwambukiza mtu. Si uchafu, ingawa nilimwelewa bibi, maana kwa macho unafanana na uchafu.

Homoni za mama zikishaisha mwilini mwa mtoto, tezi hupumzika na ukoko hukosa chakula. Kwa watoto wengi huisha kati ya mwezi wa sita na mwaka mmoja, hata usipofanyiwa chochote. Muda wote huo mtoto mwenye ukoko peke yake hulala, hunyonya na hucheka. Anayeumia ni mama yake, kwa maneno ya majirani.

Pumu ya ngozi

Ugonjwa wa pili ni ekzema, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina la pumu ya ngozi. Nalipenda jina hili kwa sababu linasema kweli mbili kwa mpigo. Linasema kwamba ni ugonjwa wa kwenda na kurudi kama pumu ya kifua, na kwamba mara nyingi hukaa nyumba moja na pumu, mafua ya vumbi na macho ya kuwasha. Nilipomuuliza yule mama habari za ukoo, alisema baba wa mtoto hutembea na dawa ya pumu ya kuvuta mfukoni, na yeye mwenyewe hupiga chafya kila akifagia.

Fikiria nyumba ya kukandika. Fito zinaweza kuwa imara, lakini udongo ukibanduka hapa na pale, upepo na vumbi vitapita, na ubaridi wa ndani utatoroka. Ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi ni ukuta ambao kandiko lake halikushika vizuri. Maji ya mwilini hupotea na ngozi inakauka. Sabuni, jasho, manukato na vijidudu hupenya, na kinga ya mwili inakurupuka. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Skotilandi, walionyesha kwamba watu wengi wenye ugonjwa huu wamerithi hitilafu kwenye jeni la filagrini, protini inayosaidia kushikamanisha tabaka la juu la ngozi. Kwa watu wenye asili ya Afrika hitilafu hiyo huonekana kwa nadra zaidi, na bado ugonjwa tunao, kwa hiyo ukuta unaweza kubomoka kwa njia zaidi ya moja.

Palipobomoka panawasha. Muwasho ndio ninaouamini kuliko kitu kingine chochote katika kutenganisha magonjwa haya mawili, na kwa mtoto wa miezi mitatu muwasho lazima uutafute. Mikono yake bado haijajua kufika mahali inapotaka. Hakuni, husugua. Husugua uso kwenye bega la mama, hugeuza kichwa huku na huku juu ya shuka hadi nywele za kisogo zinakatika, husuguanisha miguu. Ukimvua nguo hukunjamana na kujinyonganyonga badala ya kufurahi kama watoto wengine. Usiku huamka mara nyingi, ananyonya kidogo na kuacha, kwa sababu hakuwa na njaa. Nilipomuuliza yule mama habari za usiku, macho yalimlenga. Kwa wiki nne mtoto hakuwa amelala zaidi ya saa mbili mfululizo, na alikuwa ameambiwa maziwa yake ni mepesi.

Jambo la pili ninalolitazama ni mahali. Ukoko hupenda mikunjo na mafuta. Pumu ya ngozi katika umri huu hupenda sehemu za nje zinazosuguliwa na kupigwa na hewa, kama mashavu, paji la uso, upande wa nje wa mikono na mbele ya miguu. Inaweza kupanda hadi kichwani, na hapo ndipo hufanana na ukoko, ila magamba yake huwa makavu na mtoto huwashwa. Kwa kawaida huruka eneo la nepi. Fungua nepi. Ukikuta ngozi ya ndani ya nepi ni nyororo na njema huku mashavu na miguu imekwaruzika, umepata ushahidi mzito wa pumu ya ngozi. Ukikuta mikunjo ya mapaja nayo ni myekundu au imepauka na ina unyevu, unaelekea upande wa ukoko na ndugu zake.

Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe, na humwambia msomaji atafute wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Pumu ya ngozi kwa mtoto mweusi huonekana kama kijivu, zambarau iliyofifia, au weusi ulioongezeka, na mara nyingi huja kwa vipele vidogovidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo. Ukoko nao, ukishuka usoni na shingoni, huacha mabaka meupe ambayo watu huyadhania kuwa ni fangasi wa kuambukiza. Kwa hiyo tumia vidole kuliko macho. Nenda dirishani penye mwanga wa mchana, pitisha mgongo wa vidole kutoka ngozi njema kwenda kwenye baka, na usikilize kama ni mafuta au ni mkwaruzo.

Kwa mtoto wetu, utosi, nyusi, masikio na shingo vilikuwa vya ukoko. Mashavu, na mbele ya miguu ambako tulikuta mabaka mawili kila upande, vilikuwa vya pumu ya ngozi. Ndani ya nepi palikuwa safi.

Mafuta ya kuondoa na mafuta ya kubaki

Mama alikuwa amejitahidi sana. Kila usiku alimpaka mtoto mafuta ya nazi kichwani, mengi, kisha akamvisha kofia ili yasichafue shuka. Asubuhi alipaka tena juu ya yale ya jana. Utosini hakupagusa, kwa kuwa alifundishwa kwamba utosi wa mtoto hauguswi. Mashavuni hakupaka chochote, kwa kuogopa kwamba mafuta ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Kila siku alimwogesha kwa sabuni ya mche na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu.

Kila kitu alichofanya alikifanya kwa upendo, ila kilikuwa kinyume. Mafuta ya kichwani kazi yake ni kulainisha ukoko na kuondoka nao. Yakibaki, yanageuka chakula. Maabara wakitaka kuotesha malasezia, njia mojawapo ni kuimwagia mafuta ya zeituni. Kichwa kilicholowa mafuta ya mimea chini ya kofia ya sufu, katika joto la kaskazi, ni shamba lililotiliwa mbolea. Mafuta ya mashavuni kazi yake ni kuwa kandiko, na kandiko hubaki ukutani.

Tukaanza na kichwa. Nilimwelekeza achukue mafuta kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ya nazi safi au ya mgando yasiyo na manukato, ayapake juu ya ukoko na kuyaacha dakika 15 hadi 20 kabla ya kuoga. Yakishalainisha, asugue taratibu kwa mzunguko, kwa burashi laini ya nywele za mtoto au kitambaa laini cha pamba. Kisha aoshe kwa shampuu ya watoto isiyo na harufu kali, tone la ukubwa wa punje ya njegere, asuuze hadi maji yatoke bila povu na kichwa kisiachwe na mafuta. Wiki ya kwanza afanye hivyo kila siku, kisha mara mbili au tatu kwa wiki.

Utosi alikuwa na haki ya kuuogopa, kwa maana pale mifupa ya fuvu bado haijakutana. Lakini chini ya ngozi pana utando mgumu unaoulinda ubongo, na mkono wa mama unaoosha kwa upole hauwezi kuutoboa. Nilimshika mkono, tukapitisha kitambaa juu ya utosi pamoja. Mtoto akafumba macho na kutulia. Mara ya pili mama alipitisha peke yake.

Usichokonoe kwa kucha wala kitana. Ukoko uliong'ang'ania hung'oka na ngozi, na kidonda kinakaribisha bakteria. Vivyo hivyo usinyoe kwa wembe ili "kupata njia". Anayetaka kumnyoa mtoto kwa ajili ya akika au arobaini na kichwa kina ukoko, alainishe na kuosha kwanza kwa siku kadhaa. Nywele chache zikitoka na gamba, zitaota. Na wanja wa nyusi uachwe. Unaziba magamba yanayohitaji kuoshwa, na baadhi ya wanja huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto.

Kisha mwili. Maji ya uvuguvugu, ambayo kiwiko chako hakiyasikii kuwa ya moto wala ya baridi, mara moja kwa siku, dakika tano hadi kumi. Dawa ya kuua vijidudu haina kazi kwenye beseni la mtoto, na sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni laini ya mtoto, kidogo, ipite pale panapochafuka tu, yaani makwapani, shingoni na kwenye nepi. Usoni maji peke yake yanatosha. Mfute kwa kumgusagusa na kanga kuukuu, iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika, na ile mikunjo ya shingo ifunue na kuikausha. Poda iache, maana hugandana na jasho na kuwa uji mpya shingoni.

Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka mafuta mashavuni na kwenye miguu. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole vinavyorudi ndani ya kopo. Paka ukifuata uelekeo wa vinyweleo bila kusugua, tabaka linaloonekana, na rudia angalau mara moja zaidi mchana. Kopo la gramu 100 likidumu miezi miwili kwa mtoto mwenye mabaka mengi, hapakwi vya kutosha. Mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato ni ya bei nafuu na hufanya kazi hii vizuri sana. Shida yake ni joto. Ukiufunika mwili mzima kwa mafuta mazito wakati wa kaskazi, jasho linakosa njia na mtoto anatoka harara, vile vipele vya joto vinavyochoma. Kwa hiyo tuliweka mgando mashavuni na kwenye mabaka ya miguu tu, na mwili uliobaki ukapata losheni nyepesi isiyo na harufu. Mafuta ya karanga usiyatumie, kwa sababu chakula kinachoingia mwilini kupitia ngozi iliyobomoka kinaweza kumfundisha mtoto mzio kabla hajakionja.

Yapo mazoea ya kumpaka kila mtoto mafuta mazito tangu kuzaliwa ili asipate pumu ya ngozi. Uingereza walilipima jambo hili kwa watoto 1,394 waliokuwa katika hatari kwa sababu ya ukoo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kupaka kila siku kwa mwaka mzima hakukuzuia ugonjwa. Mafuta ni tiba ya ngozi iliyokwisha kukauka, na mtoto ambaye ngozi yake ni njema usimbebeshe mzigo huo.

Ile tyubu ya mkobani

Tulipokuwa tunamaliza, mama alifungua mkoba na kutoa tyubu ndogo aliyouziwa duka la dawa bila mtu kumtazama mtoto. "Niliambiwa inatibu vyote," akasema. Alikuwa ameitumia siku tatu, mashavu yakang'aa, akaacha, yakarudi mabaya zaidi.

Nilisoma maandishi madogo ya pembeni. Ilikuwa krimu ya mchanganyiko, yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Inanikasirisha sana kuona tyubu kama hii ikiuzwa kwa ajili ya uso wa mtoto wa miezi mitatu. Inatuliza kila kitu kwa siku chache, kwa hiyo inaficha ugonjwa wenyewe, na steroidi ya aina ya betamethazoni au klobetazo ni kali mno kwa ngozi ile. Ngozi ya uso wa mtoto ni nyembamba, na mtoto ana eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na uzito wake, hivyo dawa inaingia mwilini. Ikitumiwa kwa wiki nyingi ngozi inasinyaa na mishipa midogo inaonekana, na wapo watoto wanaovimba uso, wanaacha kukua vizuri, na tezi zao zinazimwa na krimu.

Lakini pia sitaki mama atoke hapa akiiogopa kila steroidi. Daktari wetu alipomtazama mtoto aliandika haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni hafifu, mara moja kwa siku kwa siku tano, mashavuni na kwenye mabaka ya miguu tu. Kipimo ni rahisi. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza, nao ni karibu nusu gramu. Mstari mmoja unatosha uso wote na shingo ya mtoto wa umri huu, na kwa mashavu mawili nusu yake inatosha. Kwa mikunjo ya shingo aliandika krimu ya ketokonazo ya asilimia 2. Kwa majimaji ya shavuni alitafuta dalili za maambukizi, hakuziona, na hakuandika antibayotiki.

Dalili hizo kila mzazi azijue. Ukoko wa rangi ya asali unaozidi kutanda, usaha, uvimbe wenye joto, au homa, ni bakteria walioingia, na mtoto afike kituoni siku hiyo hiyo. Malengelenge madogo yanayofanana, yanayotoboka na kuacha vishimo vya duara huku mtoto akiwa mnyonge, ni jambo la dharura, kwani virusi vya vidonda vya mdomoni vinaweza kusambaa juu ya ngozi yenye ekzema. Ndiyo maana mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto huyu. Kama nyumba nzima inajikuna usiku na mtoto ana vipele viganjani na nyayoni, fikiria upele wa kuambukiza, ambao hutibiwa kwa watu wote wa nyumba pamoja. Na mtoto ambaye ngozi yake inachubuka mwili mzima, anaharisha na haongezeki uzito, usimtibu kwa mafuta nyumbani. Huyo anahitaji vipimo.

Habari ya pweza tuliimaliza kwa mazungumzo marefu kidogo. Mtoto anayenyonya tu, mwenye mabaka machache yanayotulia kwa matunzo, hakuna sababu ya mama yake kujinyima samaki, mayai na maziwa. Anayejinyima hivyo anapungukiwa yeye, na ngozi ya mtoto haifaidiki. Bibi ndiye aliyelipokea hili upesi kuliko wote. "Basi leo utakula," akamwambia mkwewe.

Walirudi baada ya wiki mbili. Kofia ilikuwa imebaki nyumbani. Kichwani palibaki magamba membamba mawili matatu karibu na sikio. Mashavu yalikuwa laini kidoleni, ingawa yalikuwa na mabaka yaliyofifia rangi, na mama alikuja na hofu kwamba dawa imemchubua mwanawe. Haikumchubua. Ngozi nyeusi ikitoka kwenye uvimbe huacha rangi yake kwa muda, na huirudisha taratibu kwa wiki au miezi. Mtoto alikuwa ameanza kulala saa nne mfululizo.

Wiki ya 18 kidevu na shavu la chini vilikwaruzika tena. Safari hii sababu ilikuwa udenda. Katika umri huo mate humwagika kutwa, na mama alikuwa akiyafuta kwa vitambaa vya paketi vyenye manukato. Tukambadilishia kitambaa cha pamba na maji, afute kwa kugusa, na apake mgando kidogo kidevuni kabla ya kila kunyonyesha ili mate na maziwa yateleze juu yake. Siku nne zilitosha, bila steroidi.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miezi saba, Juni, wametoka kumtembeza kwa ndugu Lushoto. Kule kulikuwa na baridi kavu na moto wa kuni, na alikuwa amevishwa sweta la sufu juu ya ngozi. Sasa mikono yake inajua inakokwenda. Alikuwa amejikuna vifundo vya mikono na mbele ya magoti, na chini ya kucha palikuwa na damu kavu. Tulizikata kucha pale pale, tukarudi kwenye mafuta mara tatu kwa siku, haidrokotizoni siku tano, na fulana ya pamba chini ya sweta.

Nilipapasa kichwa chake chote, utosi, kisogo, nyuma ya masikio. Hakikuwa na ukoko hata chembe, na mama alisema hajapaka kitu kichwani tangu Aprili. Kisha akaniuliza kama aanze kumpa yai, maana jirani kamwonya. Nikamwambia aanze na kipande kidogo cha yai lililochemshwa hadi likakauka, asubuhi, siku ambayo atakuwa naye kutwa nzima. Bibi akauliza kama lile la kienyeji ni bora zaidi. Nikasema lolote, ila liive.